Nimeingiza milioni 12.4 kwenye bitkoini, nimetoa milioni 11.07. Mhasibu anasema nina faida. Inakuwaje?

Ngosha_wa_Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanza, nauza nyavu na kamba karibu na mwalo wa Kirumba. Mauzo ya duka yameshapita milioni 100 kwa mwaka, kwa hiyo hesabu zangu zinaandaliwa na mhasibu na zinakaguliwa. Faida ya duka kwa 2025 imekaa kwenye milioni 9.5.

Pembeni nilikuwa nanunua bitkoini kidogo kidogo. Miamala yangu yote ya mwaka ni hii, ada zikiwa ndani; USDT ni ile sarafu ya kidijitali inayofuata bei ya dola:

```
10 Feb   kununua  0.02 BTC    TSh 5,000,000
09 Apr   kununua  0.02 BTC    TSh 4,300,000
12 Jul   kununua  0.01 BTC    TSh 3,100,000
14 Ago   kubadili 0.03 BTC    kwa 3,600 USDT
20 Okt   kuuza    3,600 USDT  TSh 8,820,000
03 Des   kuuza    0.01 BTC    TSh 2,250,000
```

Nimetoa mfukoni 12,400,000. Zilizorudi kwenye simu ni 11,070,000. Kwangu mimi hiyo ni hasara ya 1,330,000. Mhasibu akaniambia hapana, una faida, ila yeye hajui kuipiga kwa kripto. Nimeshindwa kulala. Naombeni mnieleweshe taratibu.

Mzee_wa_Nansio
Kijana wangu, kwani hizi sarafu si zilipigwa marufuku na Benki Kuu? Unapeleka mwenyewe ushahidi TRA?

Ngosha_wa_Kirumba
Shikamoo mzee. Swali langu ni la hesabu, si la marufuku. Lakini hata mimi hilo linanitia wasiwasi.

Hesabu_Nyakato
Shikamoo mzee. Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba shilingi ndiyo fedha halali hapa nchini na kripto siyo. Lakini Sheria ya Fedha ya 2024 ikaja kuweka kodi ya zuio ya 3% kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali, kuanzia Julai 1, 2024. Kodi inatazama mapato yamepatikana au hayakupatikana. Hilo tuliweke pembeni, maana Ngosha kauliza kingine.

Ngosha, wewe ni mfanyabiashara wa nyavu, nitakujibu kwa nyavu. Ukinunua marobota matano, ukauza manne, moja likabaki stoo, mwisho wa mwaka unasema umepata hasara kwa sababu fedha iliyotoka ni nyingi kuliko iliyoingia? Husemi hivyo. Kwanza unauliza lile robota la stoo lina thamani gani. Wewe umenunua 0.05, umetoa 0.04, una 0.01 kwenye simu. Hiyo 0.01 umeisahau kabisa.

Ngosha_wa_Kirumba
Kweli mkuu, sikuihesabu. Sasa thamani yake ni ipi? Maana niliyonunua Februari, Aprili na Julai yote yamechanganyika, sijui iliyobaki ni ya lini.

Hesabu_Nyakato
Hapo ndipo penye kazi. Bitkoini haina alama kama robota, ya Februari na ya Julai ni ile ile. Kwa mali ya kuuza yenye tabia hiyo, sheria yetu ya kodi ya mapato inakupa njia mbili uchague moja. Ya kwanza, mzigo ulioingia kwanza ndio unaotoka kwanza, kwenye programu utaiona imeandikwa FIFO. Ya pili ni wastani wa gharama. Ukishachagua huhami mpaka Kamishna akuruhusu kwa maandishi.

Tuanze na ya kwanza. Kabla ya hapo rekebisha jambo moja: tarehe 14 Agosti wewe umeandika "kubadili". Kwenye kodi hapo umeuza. Umetoa bitkoini, umepokea kitu chenye thamani. Thamani ya ile USDT siku ile kwa shilingi ilikuwa ngapi?

Ngosha_wa_Kirumba
Siku ile USDT moja ilikuwa 2,500. Kwa hiyo 9,000,000. Lakini mkuu, sikushika hata shilingi siku hiyo!

Hesabu_Nyakato
Hata ukibadilishana nyavu kwa mafuta ya injini na mwenye mtumbwi, nyavu zimeuzwa. Bei yake ni thamani ya yale mafuta.

Sasa twende. Agosti umetoa 0.03. Inaanza kutoka ya Februari yote, 0.02, gharama 5,000,000. Bado unadaiwa 0.01, unachukua nusu ya mzigo wa Aprili, gharama 2,150,000. Jumla 7,150,000. Umeuza kwa 9,000,000, faida 1,850,000.

Desemba umetoa 0.01. Inayofuata kwenye foleni ni nusu iliyobaki ya Aprili, 2,150,000. Umeuza 2,250,000, faida 100,000.

Kwenye foleni imebaki ya Julai peke yake, 0.01 yenye gharama ya 3,100,000. Umeona kilichotokea? Zimetoka zile za bei rahisi, umebaki na ile uliyonunua ghali kuliko zote. Ndiyo maana mfukoni unaona pengo na kwenye daftari kuna faida.

Ngosha_wa_Kirumba
Nimeelewa. Ile USDT yenyewe haina faida wala hasara, si ndiyo? Ni dola tu.

Hesabu_Nyakato
Hapana. Hapo wengi wanateleza. Hesabu zako ni za shilingi. USDT 3,600 ni mzigo mpya ulioingia 14 Agosti kwa gharama ya 9,000,000. Ukauza 20 Oktoba kwa 2,450, ukapata 8,820,000. Shilingi iliimarika mkononi mwako, umepata hasara ya 180,000. Iandike, ni haki yako. Ingekuwa shilingi imeshuka, ungekuwa na faida ya kuandika vile vile.

Kwa njia hii faida yako ya mwaka ni 1,850,000 jumlisha 100,000 toa 180,000, yaani 1,770,000. Hakiki kwa mstari mmoja:

```
iliyorudi - iliyotoka_mfukoni + thamani_iliyobaki = faida
11,070,000 - 12,400,000 + 3,100,000 = 1,770,000
```

Mstari huu ukikataa, kuna muamala umeuruka au umeuhesabu mara mbili. Mimi sipeleki hesabu ya mtu popote kabla haujakubali.

Sengerema_Ughaibuni
Wakuu, niko Uingereza mwaka wa sita, haya mambo nayafanya kila mwaka. Njia ya foleni siyo. Lazima utumie wastani, zote zinaingia kwenye kapu moja. Na angalia sana siku 30: ukiuza halafu ukanunua tena ndani ya siku 30, mauzo yale yanaoanishwa na ununuzi mpya, siyo kapu la zamani. Ngosha aondoe hiyo hesabu ataletewa faini.

Hesabu_Nyakato
Ndugu yangu, umesema kweli kwa huko uliko. Kwanza siku ile ile, kisha siku 30, halafu kapu. Hiyo ni sheria ya Uingereza, imewekwa kuwazuia watu kuuza Jumatatu ili waonyeshe hasara na kununua tena Jumanne. Ngosha yuko Kirumba, mamlaka yake ni TRA. Wastani hapa anaruhusiwa, halazimishwi.

Tuupige basi, ni vizuri aone tofauti. Mpaka Agosti alikuwa na 0.05 kwa 12,400,000, sawa na 248,000,000 kwa bitkoini nzima. Zilizotoka 0.03 zina gharama ya 7,440,000, faida 1,560,000. Ya Desemba ina gharama 2,480,000, akauza 2,250,000, hasara 230,000. Toa na ile hasara ya USDT 180,000. Faida ya mwaka 1,150,000. Iliyobaki stoo ina gharama ya 2,480,000.

Ngosha_wa_Kirumba
Kumbe! Tofauti ni 620,000. Basi naenda na wastani, imekwisha hiyo.

Hesabu_Nyakato
Polepole. Hiyo 620,000 ni tofauti kati ya 3,100,000 na 2,480,000, yaani gharama ya ile 0.01 iliyobaki. Kwa wastani, mwakani utakapoiuza utakuwa na gharama ndogo ya kutoa, faida itaonekana kubwa zaidi kwa kiasi kile kile. Kodi yake imehamia mwaka mwingine. Kwako faida hii inajumlishwa na ya duka, na kwa 9,500,000 uliyonayo uko kwenye ngazi ya 25% mpaka ufike milioni 12. Foleni ni kodi ya 442,500, wastani ni 287,500. Laki moja na hamsini na tano umeisogeza mbele, lakini umejifunga na njia hiyo.

Mabatini_Trada
Mnamzungusha bure. Achukue ile ya Julai ya 3,100,000 ndiyo aseme ameuza kwanza. Gharama kubwa, faida ndogo. Programu ninayotumia inaniruhusu kuchagua mzigo wowote kwa kubofya.

Hesabu_Nyakato
Programu imetengenezwa kwa ajili ya nchi nyingi, kuna zinazokubali kuchagua mzigo mahususi kama una ushahidi wake. Kwetu ni foleni au wastani. Kitufe kipo, ruhusa haipo.

Jakisumu
Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Nyinyi mna bahati ya kupiga hesabu ya faida. Huku Kenya kuanzia Septemba 2023 tulikuwa tunakatwa 3% ya thamani yote ya muamala, upate faida usipate. Julai 2025 wakaiondoa, wakaweka ushuru wa 10% kwenye ada ya jukwaa. Mimi niliuza kwa hasara 2024 na bado nilikatwa. Ngosha, hiyo 3% yenu nayo si ni ya thamani yote?

Ngosha_wa_Kirumba
Mimi sikukatwa chochote. Niliuza kwa mtu kwa mtu, P2P, fedha ikaja kwenye simu.

Hesabu_Nyakato
Ndiyo, yetu pia inapigwa kwenye malipo, si kwenye faida. Anayetakiwa kuikata ni mwenye jukwaa au anayewezesha uhamishaji. Kwenye ile milioni 9 ingekuwa 270,000. Aliyekatwa adai cheti cha zuio akitunze. Ngosha hakukatwa, kwa hiyo hana cha kudai kurudishwa wala kupunguziwa.

Mabatini_Trada
Mimi nilikatwa. Ukishakatwa 3% umemaliza, hakuna cha foleni wala wastani.

Hesabu_Nyakato
Sikubaliani na wewe. Ninavyoisoma mimi, kilichokatwa kinahesabiwa kama sehemu ya kodi yako na bado unapiga hesabu ya mwaka. Peleka cheti chako ofisi ya TRA ya mkoa, uliza kwa barua, upate jibu la barua.

Mabatini_Trada
Barua nitaandika, lakini msimamo wangu ni ule ule.

Dada_Igoma
Samahani naingilia. Mimi nilinunua USDT 2,000 kwa 5,300,000, nikazihamishia soko lingine kwa sababu lile la kwanza lilikuwa na wanunuzi wachache. Niliyempa kazi ya hesabu akachukua faili za CSV za pande zote mbili. Kwenye soko la kwanza ameandika nimeuza, kwenye la pili ameandika nimepokea mapato ya 5,300,000. Nikaambiwa nina kodi ya kulipa na mimi sijauza hata moja! Nililia siku ile, fedha yenyewe ilikuwa ya kikundi chetu.

Hesabu_Nyakato
Pole sana dada. Kosa hilo ni la kawaida na linarekebishika. Kuhamisha kutoka mfuko wako mmoja kwenda mfuko wako mwingine si mauzo. Mzigo unahama na gharama yake na tarehe yake ya kununuliwa.

Utalitambua hivi: kwenye faili moja kuna mstari wa `Withdrawal`, kwenye lingine kuna `Deposit`, zimepishana dakika chache, na kiasi kinatofautiana kwa ada tu. Ushahidi usiopingika ni `TXID`, namba ya utambulisho wa muamala. Namba hiyo ikiwa ile ile pande zote mbili, ni muamala mmoja. Mwambie aioanishe mistari hiyo na aifute kwenye mapato. Ukiona programu inakuletea faida sawa na bei nzima ya mauzo, jua imeona mauzo bila kuona ununuzi. Mzigo umeingia kwa gharama ya sifuri.

Dada_Igoma
Asante sana. Zilitoka 2,000 zikafika 1,999. Hiyo moja ndiyo ada basi. Naenda kutafuta TXID usiku huu.

Mvuvi_Musoma
Yangu ni sifuri ya kweli. Nilinunua 2021, simu ikazama ziwani tukitoka Rukuba, na soko lile lilishafunga akaunti yangu. Sarafu ninazo kwa sababu maneno 12 ya kurudisha waleti niliyaandika kwenye karatasi. Nikiuza leo gharama naonyesha nini?

Hesabu_Nyakato
Una nusu mbili za ushahidi sehemu mbili tofauti. Kiasi na tarehe vipo kwenye mnyororo, lile daftari la wazi la miamala ya sarafu, weka anwani ya waleti yako utaona kila kilichoingia. Shilingi zipo kwenye taarifa ya miamala ya simu, omba kwa kampuni yako ya mtandao kwa laini ile ile. Muamala wa simu wa saa nne asubuhi na sarafu zilizoingia saa nne na dakika kumi, hapo una hoja. Kwa mizigo utakayoikosa, sina cha kukufariji. Usichoweza kuthibitisha gharama yake, tegemea kihesabiwe chote kuwa faida. Na nyie wengine, sheria inataka kumbukumbu zitunzwe angalau miaka mitano. Pakueni faili zenu kila mwisho wa mwezi, msisubiri soko liwafungie.

Mvuvi_Musoma
Laini ninayo bado. Nitaenda Jumatatu.

Mkaguzi_Isamilo
Nimesoma uzi wote, Hesabu umefanya kazi nzuri, ila kuna kitu umeruka, na kinabadilisha jibu la Ngosha. Umempa njia za kuoanisha mali ya biashara. Kama ni mali ya biashara, basi thamani ya kilichobaki mwisho wa mwaka ni gharama au bei ya soko, ile iliyo ndogo. Ngosha, tarehe 31 Desemba ile 0.01 ilikuwa na bei gani?

Ngosha_wa_Kirumba
Nina picha ya skrini. Ilikuwa kama 2,150,000.

Mkaguzi_Isamilo
Basi iko chini ya 3,100,000 na iko chini ya 2,480,000 pia. Utaweka 2,150,000 kwa njia yoyote ile. 11,070,000 toa 12,400,000 jumlisha 2,150,000, faida 820,000. Kodi yake kwa ngazi yako ni 205,000. Kwa mwaka huu foleni na wastani zinakupa jibu moja. Bei ya Desemba ingekuwa juu ya gharama, tofauti ile ya 620,000 ingebaki.

Hesabu_Nyakato
Umenishika, nakubali. Nilipiga gharama nikaacha kuangalia soko. Lakini tujadili: huyu ana miamala sita kwa mwaka. Ni mfanyabiashara wa bitkoini au amewekeza akiba ya duka? Ikiwa ni uwekezaji, huwezi kushusha thamani ya kitu ambacho hujakiuza, na tunarudi kwenye 1,770,000 au 1,150,000.

Mkaguzi_Isamilo
Ananunua ili auze, ameuza mara tatu ndani ya miezi minne, fedha inazunguka na ya duka. Mimi ningesaini kama biashara.

Hesabu_Nyakato
Mimi ningetaka kuona anafanyaje 2026 kabla ya kusaini. Akishaitwa mfanyabiashara mwaka huu, asije mwakani akataka kuitwa mwekezaji kwa sababu bei imepanda.

Ngosha_wa_Kirumba
Wakuu, wabeja sana. Nakwenda kwa mhasibu na karatasi zote mbili, achague akijua sababu, ritani yenyewe nina muda nayo mpaka Juni 30. Lakini kuna jambo. Nimefungua waleti sasa hivi kuhakiki ile 0.01. Inasoma 0.0098.

Hesabu_Nyakato
Ulihamisha kutoka sokoni kwenda kwenye simu?

Ngosha_wa_Kirumba
Ndiyo, Septemba. Sikuandika.

Hesabu_Nyakato
Basi 0.0002 ililiwa na ada ya mtandao. Ule mstari wa kuhakiki ulikubali kwa sababu tuliandika 0.01 kwa mazoea, hakuna aliyekwenda kuhesabu stoo. Hata mimi nilipaswa kukuuliza.

Mkaguzi_Isamilo
Kwa hesabu yangu inajirekebisha yenyewe. 0.0098 kwa bei ile ya Desemba ni 2,107,000, faida inashuka mpaka 777,000. Kwa hesabu ya Hesabu, itabidi ile 0.0002 itolewe kwenye foleni Septemba, na mauzo ya Desemba yapigwe upya.

Hesabu_Nyakato
Ndiyo, kwa sababu mzigo wa Aprili sasa unaisha kabla ya 0.01 kukamilika, unaingia kidogo kwenye wa Julai. Ngosha, kabla sijaipiga, ada ile unayo picha yake? Nataka bei ya siku ile.